Fursa ipi iliyoachwa? Kisa cha faharasa ya istilahi za uchumi za mwaka wa kwanza

Swali tulilowapa wasomaji wetu wa majaribio lilikuwa fupi. Mtu ana siku moja tu, na mbele yake kuna kazi tatu ambazo haziwezi kufanywa pamoja. Ya kwanza itampa manufaa yenye thamani ya 70, ya pili 50 na ya tatu 30, na katika kila moja matumizi yote yamekwisha kuondolewa. Akichagua ya kwanza, gharama ya fursa ni ipi? Jibu ni 50, yaani thamani ya ile iliyo bora kati ya mbili alizoziacha. Wasomaji wetu walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao walikwisha kulisoma somo hilo kwa Kiingereza, na wengi wao walikuwa wameyajibu maswali ya namna hiyo bila shida. Kwa Kiswahili walitupa majibu ya aina tatu. Baadhi waliandika 50. Wengine waliandika 80, kwa kujumlisha 50 na 30. Wengine waliandika kwamba hakuna gharama yoyote, kwa sababu swali lenyewe limesema matumizi yameondolewa. Mmoja kati ya hao wa mwisho aliongeza sentensi iliyotuzindua: "Gharama ya fursa ni kile mtu anacholipa ili apate fursa."

Hakuwa amekosea Kiswahili. Katika matumizi ya kawaida, gharama ya kitu ni kile kinacholipwa ili kitu hicho kipatikane: gharama ya safari, gharama ya matibabu, gharama ya masomo. Msomaji yule aliifuata lugha yake kwa uaminifu, nayo ikamfikisha kinyume kabisa na dhana inayokusudiwa, kwa maana katika uchumi fursa hiyo hainunuliwi, bali huachwa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandaa faharasa. Uchambuzi huu unaeleza lilivyoingia, lilivyojitokeza pia katika istilahi nyingine mbili tulizodhani zimekamilika, na tulivyolirekebisha.

Tulikuwa watatu: mwalimu anayefundisha uchumi mwaka wa kwanza, mhariri wa Kiswahili, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika fasili na kutunza jedwali. Tulianza kwa kuokota maneno katika muhtasari wa mihadhara na mitihani iliyopita, tukapata 160 hivi, kisha tukapunguza hadi 96. Kigezo cha kupunguza kilikuwa kimoja: neno lilibaki ikiwa katika uchumi lina maana ambayo kamusi ya kawaida haiwezi kumpa msomaji. Baada ya hapo tulitafuta visawe vilivyokwisha kutumika, kwanza katika kamusi zilizoandaliwa na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoitwa TUKI na sasa TATAKI, na katika kazi za Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, kisha katika taarifa za Kiswahili za benki kuu na ofisi za takwimu. Istilahi iliyokwisha kuzoeleka hatukuigusa bila sababu nzito. Pale ambapo hatukuona kisawe, au tuliona kadhaa vinavyoshindana, tulitumia njia zinazojulikana za uundaji wa istilahi: kunyambua neno lililopo, kuambatanisha maneno mawili, kutohoa, au kutafsiri neno kwa neno. Toleo la kwanza lilikuwa na safu mbili tu, kama mistari hii mitatu inavyoonyesha:

```
inflation	mfumuko wa bei
elasticity	unyumbufu
opportunity cost	gharama ya fursa
```

Jedwali la namna hii lina dhana iliyojificha ndani yake, nayo ni kwamba neno la lugha moja ni sawa na neno la lugha nyingine. Sivyo ilivyo. Istilahi ni jina la dhana, na dhana huwa na jirani zake: iliyo pana kuliko yenyewe, iliyo finyu, na iliyo kinyume chake. Mtu anayejaza safu ya pili bila kuichora familia hiyo huona kila mstari ukiwa sahihi peke yake, na makosa hayaonekani mpaka mistari miwili ikutane katika sentensi moja. Sisi tulijaza kwanza majina, kisha tukaja kuuliza majina hayo ni ya nini. Kama ningeianza kazi hii upya, ningeanza na fasili.

Kipimo cha kwanza kilichotusaidia kuliona hilo kilikuwa rahisi mno, na najuta kwamba hatukukitumia siku ya kwanza. Faharasa ya lugha mbili husomwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo tuliipindua. Jedwali lilikuwa katika faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa tabo, na amri moja ilitosha kutoa kila kisawe cha Kiswahili kilichotokea zaidi ya mara moja:

```
cut -f2 faharasa.tsv | sort | uniq -d
```

Yalitoka maneno machache, lakini yalikuwa maneno mazito: "mahitaji", "mapato" na "faida". Neno "mahitaji" lilikuwa limesimama mahali pa vitu ambavyo binadamu hawezi kuishi bila kuwa navyo, na pia mahali pa kiasi ambacho wanunuzi wako tayari na wanaweza kununua kwa bei mbalimbali. Neno "faida" lilikuwa limebeba ziada anayobaki nayo mfanyabiashara baada ya kuondoa matumizi, na pia manufaa yoyote anayopata mtu hata pasipo biashara. Neno "mapato" lilikuwa limebeba kile anachopata mtu au kaya, na pia jumla ya fedha zinazoingia katika kampuni kutokana na mauzo.

Mawili ya mwisho yalitatuliwa haraka. Tuliacha "faida" kwa ziada ya biashara na kuandika "manufaa" kwa maana pana. Tuliacha "mapato" kwa fedha za mauzo na kuandika "kipato" kwa kile anachopata mtu. Neno "mahitaji" halikukubali suluhisho jepesi, nami nitalirudia mwishoni. Ni vizuri pia kutaja kikomo cha amri ile: huona visawe vinavyofanana herufi kwa herufi tu. Haikuona kwamba neno "kiwango" lilikuwa limetapakaa ndani ya istilahi za maneno mawili au matatu, mara likimaanisha mahali ambapo kitu kimefika, mara kasi ya kubadilika kwake, mara kiasi chake. Hilo lilionekana kwa macho tu, pale mhariri alipoisoma safu ya pili yote kwa sauti.

Na hapo ndipo mfumuko wa bei ulipoanza kutusumbua. Hii si istilahi tuliyoiunda. Imo katika taarifa za benki kuu, katika taarifa za takwimu na katika habari za kila siku, ingawa baadhi ya waandishi huiandika "mfumko". Tulichagua "mfumuko" na kuiweka tahajia nyingine kama kidahizo kinachomwelekeza msomaji kwenye hii. Hatukutarajia kazi zaidi ya hiyo. Fasili yetu ilisema kwamba mfumuko wa bei ni "kupanda kwa bei za jumla kwa kipindi fulani". Mwalimu wa uchumi aliipitisha, kwa kuwa alikuwa akisoma kile alichokijua tayari. Msomaji wa majaribio aliuliza kama bei za rejareja hazihusiki. Alikuwa na haki kamili ya kuuliza, kwa sababu kwa mzungumzaji yeyote wa Kiswahili bei ya jumla ni ile ya anayenunua shehena, na bei ya rejareja ni ya anayenunua kimoja kimoja. Fasili ilibadilishwa ikawa "kupanda kwa kiwango cha bei za bidhaa na huduma kwa ujumla, kunakoendelea kwa kipindi fulani". Tofauti kati ya "bei za jumla" na "bei kwa ujumla" ni ndogo kwa jicho, lakini ndiyo inayotenganisha dhana mbili.

Tatizo la pili lilikuwa la ndani zaidi. Tuchukue fahirisi ya bei ambayo mwaka wa kwanza ni 100, wa pili 110, wa tatu 115.5 na wa nne 113.19. Kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa pili bei zimepanda kwa asilimia 10. Kutoka wa pili kwenda wa tatu zimepanda kwa asilimia 5. Kutoka wa tatu kwenda wa nne zimeshuka kwa asilimia 2. Sasa msomaji akiambiwa kwamba katika mwaka wa tatu "mfumuko wa bei umeshuka", sentensi ni sahihi, kwa kuwa asilimia 5 ni ndogo kuliko 10. Hata hivyo wasomaji kadhaa waliielewa kwamba bei zimeshuka, wakashangaa kuona 115.5 pale walipotegemea kuona namba iliyo chini ya 110. Kosa hili lipo hata kwa wanaosoma kwa Kiingereza, lakini Kiswahili hulipa nguvu zaidi, kwa sababu istilahi yetu ina neno "bei" ndani yake. Sikio likisikia "bei" na "umeshuka" katika pumzi moja, huviunganisha kabla akili haijatafuta kiima cha sentensi.

Tulichofanya si kubadili istilahi, maana hakuna faharasa inayoweza kuling'oa neno linalosikika katika kila taarifa ya habari. Tuligawa kazi za maneno yaliyo kando yake. "Kiwango" kilibaki kwa mahali ambapo bei zimefika, na "kasi" ikachukua mabadiliko ya asilimia. Kiwango hupanda au hushuka. Kasi huongezeka au hupungua. Kwa hiyo katika mwaka wa tatu kasi ya mfumuko wa bei imepungua huku kiwango cha bei kikiendelea kupanda, na ni katika mwaka wa nne tu ambapo kiwango chenyewe kimeshuka. Kwa hali hiyo ya mwaka wa nne tulijadili "mporomoko wa bei" tukaukataa, kwa sababu mporomoko ni wa ghafla na mkubwa, tena kwa kawaida husemwa juu ya bei ya kitu kimoja, ilhali dhana inahusu bei kwa ujumla na inaweza kuwa asilimia 2 tu kama hapa. "Mfumuko hasi wa bei" ni sahihi kihesabu, lakini humlazimisha mwanafunzi kuelewa jambo kwa kulikanusha jingine. Tuliamua kuandika "mshuko wa kiwango cha bei". Kwa hali ya mwaka wa tatu hatukupata jina fupi lisilopotosha, nasi tukaridhika na maelezo: "kupungua kwa kasi ya mfumuko wa bei". Naamini kwamba kidahizo cha Kiingereza chenye neno moja kinaweza kupata kirai kizima cha Kiswahili bila aibu yoyote, ikiwa kirai hicho hakimdanganyi msomaji.

Unyumbufu ulileta tatizo la aina nyingine. Kitenzi "nyumbuka" kimekaa vizuri: kitu kinachonyumbuka huvutika au hupindika bila kuvunjika. Hata kwa Kiingereza neno lenyewe ni sitiari iliyoazimwa kutoka fizikia, na Alfred Marshall ndiye aliyeieneza katika uchumi kupitia kitabu chake cha mwaka 1890. Kutohoa tulikufikiria, tukaona kwamba "elastisiti" ingetupa nomino isiyozaa chochote, ilhali "nyumbuka" inatupa nomino, kivumishi na kitenzi. Shida ilikuwa katika fasili. Tuliandika kwamba unyumbufu wa mahitaji kwa bei ni "kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei inapobadilika". Hiyo ndiyo fasili ambayo mtu huitoa akiwa na haraka, nayo ina kasoro kubwa, kwa sababu humpa mwanafunzi mteremko wa mstari badala ya unyumbufu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hivyo. Chukua mstari wa mahitaji ambao kiasi kinachonunuliwa ni 100 ukiondoa mara mbili ya bei:

```
Q = 100 - 2P
E = (ΔQ/ΔP) × (P/Q)
P = 10, Q = 80:  E = -2 × 10/80 = -0.25
P = 40, Q = 20:  E = -2 × 40/20 = -4
```

Katika mstari huu, bei ikipanda kwa 1 kiasi hupungua kwa 2, popote ulipo. Kwa fasili yetu ya kwanza unyumbufu ungekuwa uleule katika mstari wote. Kumbe bei ikiwa 10 unyumbufu ni 0.25 tu ukiiacha alama ya kutoa, na bei ikiwa 40 ni 4. Tofauti hiyo hutokana na kwamba tunalinganisha mabadiliko ya asilimia: kupungua kwa 2 kutoka 80 ni jambo dogo, kupungua kwa 2 kutoka 20 ni jambo kubwa. Fasili mpya ikawa "uwiano wa mabadiliko ya asilimia ya kiasi kinachonunuliwa kwa mabadiliko ya asilimia ya bei". Neno "asilimia" limo mara mbili kwa makusudi, na mhariri aliyetaka kuliondoa moja kwa ajili ya ulaini wa sentensi alikubali kuliacha baada ya kuona hesabu hii. Tuliongeza pia kwamba, tofauti na mpira unaovutwa kisha ukarudi, dhana ya uchumi haidai kwamba kiasi kirudi kilipokuwa.

Kisha kikaja kivumishi, ambacho orodha ya Kiingereza haikututayarisha nacho hata kidogo. Shina "-nyumbufu" hupatana na nomino yake: mahitaji huwa manyumbufu, ugavi huwa mnyumbufu, bidhaa huwa nyumbufu. Mwanafunzi anayetafuta "manyumbufu" katika faharasa yenye kidahizo "nyumbufu" anaweza asikipate, hasa katika orodha ya karatasi. Tuliingiza shina likiwa na kistari mbele, tukaonyesha maumbo hayo matatu, na kwa ukanushi tukapendekeza kishazi: "mahitaji yasiyonyumbuka". Tuliongeza pia onyo fupi ambalo huenda likaonekana la ziada kwa asiyesoma isimu: unyumbufu si unyambuaji. Wanafunzi wetu walikuwa wametoka sekondari wakiwa na mnyambuliko wa vitenzi vichwani, na irabu moja ilitosha kuwachanganya.

Turudi sasa kwenye gharama ya fursa, ambayo ndiyo iliyochukua muda wetu mwingi. Majibu matatu ya wasomaji yalitupa makosa mawili ya kushughulikia, na kila moja lilikuwa na chanzo chake katika lugha.

Kosa la kwanza ni la yule aliyedhani fursa hulipiwa. Chanzo chake ni kihusishi "ya", ambacho hakisemi ni uhusiano gani uliopo kati ya gharama na fursa. Dawa yake ni kuongeza neno linaloonyesha kilichoipata fursa hiyo. Tulipima "gharama ya fursa iliyopotea", ambayo baadhi ya watu hupenda kuitumia, tukaona kwamba kupotea ni jambo linalomtokea mtu bila yeye kutaka, kama vile amechelewa na nafasi ikampita. Katika dhana ya uchumi kuna uamuzi: mtu ameziona njia zote, akashika moja na kuziacha nyingine kwa hiari yake. Neno linalobeba hiari hiyo ni "kuacha". "Gharama mbadala" nayo tuliikataa mara moja, kwa kuwa Kiswahili huielewa kama gharama nyingine inayochukua nafasi ya ile ya kwanza.

Kosa la pili ni la waliojumlisha 50 na 30. Chanzo chake kilituchukua siku mbili kukiona, ingawa kilikuwa mbele ya macho. Nomino "fursa" haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Anayesoma "gharama ya fursa" hana lolote linalomwambia kama fursa hiyo ni moja au ni zote alizoziacha, na mtu mwenye bidii atazijumlisha zote. Lakini kisarufi Kiswahili kina njia safi ya kulisema jambo hili: fursa iliyoachwa ni moja, fursa zilizoachwa ni nyingi. Kwa hiyo kirejeshi tulichokiongeza kwa ajili ya kosa la kwanza kilitusaidia pia katika la pili, mradi tu kiwe "iliyoachwa" na kamwe kisiwe "zilizoachwa". Tulipokwenda kuangalia fasili yetu ya zamani, tuliona imeandikwa "thamani ya fursa zilizoachwa". Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kujumlisha.

Ilibaki kusema ni ipi kati ya zile zilizoachwa. Rasimu ya pili ya fasili ilisema "fursa ya pili kwa thamani", na mwalimu wa uchumi ndiye aliyeikataa, kwa mfano uleule wa swali. Mtu akichagua ile ya 70, ya pili kwa thamani ni ya 50, na fasili inafanya kazi. Lakini tuseme hakuchagua vizuri, akashika ile ya 50. Ya pili kwa thamani ndiyo hiyohiyo aliyoishika, na fasili inavunjika. Msomaji mwingine angeweza kuhesabu kushuka na kuandika 30. Gharama yake halisi ni 70, kwa kuwa hiyo ndiyo kubwa kuliko zote alizoziacha. Fasili iliyobaki ni hii: "thamani ya manufaa ya fursa moja iliyo bora kuliko nyingine zote ambazo mtu ameziacha kwa kuchagua jambo fulani". Neno "manufaa" limeshika nafasi ya "faida" kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, na neno "moja", ambalo kisarufi halihitajiki sana, limewekwa ili mtu asijumlishe.

Hoja iliyotugawa ilikuwa urefu. "Gharama ya fursa iliyoachwa" ni maneno manne, na mwalimu alisema wazi kwamba ubaoni atafupisha, na wanafunzi wake watafupisha pia. Nilidhani kwamba tungemlazimisha, lakini mhariri aliniambia, "Ndugu yangu, istilahi ndefu hufupishwa na watumiaji wake kwa namna wanayoitaka wao. Afadhali tuwape ufupisho sisi." Alikuwa sahihi. Kidahizo kikawa kirefu, na ufupisho ukawekwa katika sehemu yake, ukiwa na maelekezo kwamba utumike baada ya istilahi kamili kutajwa mara moja katika maandishi husika. Safu mbili za mwanzo zikageuka kuwa rekodi yenye sehemu kadhaa:

```
en: opportunity cost
sw: gharama ya fursa iliyoachwa
ufupisho: gharama ya fursa
usitumie: gharama mbadala; fursa zilizoachwa
jirani: gharama; manufaa; uchaguzi; uhaba
hali: imepimwa
```

Sehemu ya "usitumie" ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kamusi nyingi humwambia msomaji neno la kutumia bila kumwambia lililokataliwa, na mfasiri anayekuja baada yako hulivumbua upya lile ulilokwisha kulitupa, akilisifia kwa sababu zilezile zilizokuvutia wewe mwanzoni. Sehemu ya "hali" ina thamani tatu tu: pendekezo, imepimwa, na sanifu. Ya mwisho tuliiweka kwa istilahi zilizotoka katika chombo chenye mamlaka ya kusanifisha, kwa kuwa kikundi cha watu watatu hakina haki ya kuita kazi yake sanifu.

Jaribio la pili tulilifanya na wasomaji wengine, ambao hawakuliona toleo la kwanza. Hatukuwauliza maana ya istilahi, kwa sababu mtu anaweza kukariri fasili na kuirudia bila kuielewa. Tuliwapa hali na kuwataka watoe namba. Swali la kazi tatu lilirudiwa, safari hii likiwa na sehemu ya pili ambamo mtu amechagua ile ya 50. Jibu la 80 halikutokea tena. Kwenye sehemu ya pili wachache waliandika 30, na tulipozungumza nao tuligundua kwamba hawakuwa wameisoma fasili, bali kidahizo tu. Hicho ni kikomo ambacho hakuna jina linaloweza kukivuka: kidahizo kinaweza kuzuia kosa la kununua fursa na kosa la kujumlisha, lakini "bora kuliko zote zilizoachwa" haiwezi kuingia ndani ya maneno manne.

Neno "mahitaji" nalo tuliliacha mahali pa ugavi na mahitaji, kwa kuwa jozi hiyo imezoeleka mno, na yale ya kuishi tukayaita "mahitaji ya lazima". Sikuridhika, na bado sijaridhika. Mtu asiye na fedha kabisa ana mahitaji ya lazima makubwa, na katika lugha ya soko hana mahitaji hata kidogo. Sentensi hiyo ni sahihi kwa faharasa yetu, lakini mwanafunzi anayeisoma mara ya kwanza huona imejipinga yenyewe. Mhariri alipendekeza "uhitaji" kwa dhana ya soko. Mwalimu alisema neno hilo kwa sikio lake lina unyonge wa mtu anayeomba msaada, jambo ambalo ni kinyume cha mnunuzi mwenye uwezo wa kulipa. Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna namba ya jaribio iliyoweza kuamua kati yao. Katika faili letu, kidahizo hicho bado kimeandikwa "hali: pendekezo".